Baba aliuza duka kwa ahadi kwamba mama atalipwa kila mwezi. Mnunuzi amesitisha. Mama anaweza kumshtaki?

Kijana wa Mgeta

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo ya wanaojua sheria ya mikataba, hasa ya Tanzania Bara.

Mwaka 2021 baba aliuza duka lake la vifaa vya ujenzi Morogoro mjini. Mnunuzi ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Bei pamoja na mzigo uliokuwemo ilikuwa milioni 60. Mpwa alitoa milioni 36 taslimu, na zile 24 baba hakutaka azilipe kwa mkupuo. Waliandikiana kwa wakili kwamba mpwa atamlipa baba laki 3 kila mwezi maisha yake yote, na baba akifariki atamlipa mama yangu laki 2 kila mwezi hadi naye afariki.

Baba alifariki 2024. Binamu alimlipa mama miezi miwili, kisha kimya. Mama alipomfuata dukani alijibiwa kwa upole kabisa: "Shangazi, mkataba niliwekeana na mjomba, na mjomba hayupo." Mama hana biashara wala pensheni, ile laki 2 ndiyo ilikuwa tegemeo lake.

Ugumu mwingine ni kwamba msimamizi wa mirathi ni kaka yetu mkubwa, wa mama mwingine. Yeye na binamu wanafanya biashara pamoja na hataki hata kulisikia jambo hili. Je, mama anaweza kwenda mahakamani kwa jina lake mwenyewe?

Nyundo

Anaweza, tena mapema tu. Fungua Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 2(1)(d). Kinasema kinachotolewa kwa ajili ya ahadi kinaweza kutolewa na aliyeahidiwa "au mtu mwingine yeyote". Waingereza ndio wanaodai kila mtu atoe chake. Sisi sheria yetu ilichukuliwa kutoka India na mlango huo uliachwa wazi makusudi. Baba alitoa duka, mama anadai. Msitishwe na mawakili.

Binti wa Chuda

Poleni na msiba. Kama ni familia ya Kiislamu, hesabu ni nyepesi: mjane ana thumni kwa sababu marehemu ameacha watoto, na kama wajane ni zaidi ya mmoja wanaigawana hiyo hiyo. Deni la binamu liingizwe kwenye mali ya marehemu, kisha kila mtu apewe fungu lake. Mama hawezi kuchukua laki 2 peke yake wakati warithi wengine wapo.

Kijana wa Mgeta

Dada Binti, ni Waislamu, na mke wa kwanza alishatangulia mbele ya haki. Ila nilichouliza si mgawanyo wa mirathi. Hii laki 2 haikuwahi kuwa ya baba. Imeandikwa ni ya mama baada ya baba kuondoka.

Ochi wa Kondele

Mimi niko Kisumu. Mbona bima ya gari hulipa mtu wa tatu? Mwaka juzi nilikuwa abiria, matatu ikaanguka, na bima ya mwenye gari ndiyo iliyonilipa ingawa sikuweka sahihi popote. Kama mtu wa tatu analipwa huko, mama naye alipwe.

Mzee wa Majalada

Nimesoma yote. Niruhusuni niende polepole, maana kesi za namna hii nimezishika nikiwa bado na ofisi, na nyingi zilianguka kabla hata ushahidi haujasikilizwa.

Ochi, wewe hukulipwa kwa nguvu ya mkataba wa mwenye matatu na bima yake. Ulilipwa kwa sababu Bunge lilitunga sheria inayoilazimisha bima ya gari kulipa hukumu aliyopewa aliyeumia. Kwenu iko, kwetu iko. Bila sheria ile bima ingekujibu kama binamu alivyomjibu mama. Duka la Morogoro halina sheria ya aina hiyo.

Sasa Nyundo. Ulichosoma kipo, na kinatusaidia kwa nusu. Kuna vikwazo viwili hapa na watu huvichanganya. Cha kwanza ni: nani alitoa kitu ili ahadi ifanyike? Cha pili: ahadi ilitolewa kwa nani? Kifungu chako kinaondoa cha kwanza, cha pili kinabaki. Binamu hakumwahidi mama. Alimwahidi baba kwamba atamlipa mama. Mwenye ahadi ni baba, mama ni mnufaika.

Kesi ya kale ya jambo hili ni ya Uingereza, Tweddle na Atkinson, mwaka 1861. Kijana na binti walioana, na wazazi wawili wa kiume wakaandikiana: baba wa binti atampa mkwewe pauni 200, baba wa kijana atampa mwanawe pauni 100. Waliandika hata kwamba kijana atakuwa na uwezo kamili wa kudai pesa hizo mahakamani. Baba wa binti akafa bila kulipa. Kijana akamshtaki msimamizi wa mali ya marehemu, akashindwa. Sheria ile ndiyo Kijana wa Mgeta anayopambana nayo, kwa sababu tulipokea sheria za kimahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pale ambapo sheria yetu wenyewe haisemi. Waingereza walikuja kujirekebisha kwa sheria ya Bunge lao ya 1999 inayomruhusu mnufaika kudai mwenyewe, lakini hiyo ni yao. Haikuvuka bahari kuja kwetu.

Mama akifungua madai kwa jina lake tu, wakili wa binamu hatagusa hata ukweli wa habari. Ataweka pingamizi la awali kwamba mdai si mhusika wa mkataba, na mama anaweza kuondoka na gharama juu.

Nyundo

Mzee kwa heshima zote, India wenyewe mnufaika alishadai kwa jina lake akapata. Kuna kesi ya Husaini Begum, 1910, iliyofika hadi Baraza la Mfalme London. Baba mkwe aliahidi kumpa bibi harusi rupia 500 kila mwezi. Binti alikuwa mtoto mdogo wakati ule na hakuwa sehemu ya makubaliano, yalifanywa na baba zao. Alidai, akapewa. Hiyo ni kabla ya 1920 na ni mahakama ya juu kabisa ya wakati ule. Inafanana na ya mama kuliko hiyo ya pauni 200.

Mzee wa Majalada

Kesi nzuri na nafurahi umeileta. Lakini soma kilichompa ushindi. Mkataba ule ulitaja mali zisizohamishika na kusema posho ya binti itatoka kwenye mapato ya mali hizo. Baraza likaona binti ana haki juu ya mali yenyewe. Tena likataja mazingira ya jamii ambayo wazazi ndio hupanga ndoa za watoto wao.

Mwaka uliofuata, 1911, Baraza hilo hilo lilipata kesi nyingine kutoka India, Jamna Das. Mtu aliuza mali iliyokuwa imewekwa rehani, na mnunuzi akabaki na sehemu ya bei kwa makubaliano kwamba atamlipa mwenye rehani. Mwenye rehani akamdai mnunuzi binafsi. Akaambiwa: wewe hukuwa kwenye makubaliano yale. Kifungu cha 2(d) cha India, kile tulichokichukua sisi, kilikuwepo kama kilivyo leo na hakikumwokoa.

Kwa hiyo, mwanangu wa Mgeta, nina maswali mawili na uyajibu ukiwa na karatasi mkononi. Je, mkataba unasema pesa ya mama itatoka wapi, au unasema tu "atamlipa"? Na je, mama aliweka sahihi popote kwenye mkataba ule? Kama aliweka, aliitwa nani chini ya sahihi yake?

Mzee wa Lushi

Yambo wote. Niko Lubumbashi, nafuata mazungumzo haya na nashangaa kidogo. Kwetu Kongo sheria ya mikataba ni ya 1888, ya wakati wa Leopold, na ilifuata ile ya Wafaransa. Inasema wazi kwamba mtu anaweza kuweka sharti kwa faida ya mtu mwingine, kama sharti hilo ni sehemu ya mkataba alioufanya kwa ajili yake mwenyewe. Mnufaika akishatangaza kwamba anaikubali faida hiyo, aliyeiweka hawezi tena kuiondoa. Mama yenu hapa angeenda moja kwa moja. Tena kupokea ile miezi miwili kungetosha kuonyesha kwamba amekubali.

Kijana wa Mgeta

Asante mzee wa Lushi. Hapo kwenye kuiondoa pamenitia wasiwasi. Ina maana huku kwetu wanaweza kuifuta bila mama?

Mzee wa Majalada

Ndiyo, na hili ndilo linalonisumbua kuliko mengine yote. Kama mama si mhusika, wenye mkataba ni binamu upande mmoja na msimamizi wa mirathi upande wa pili, akisimama mahali pa baba. Wawili hao wakikaa wakaandikiana kwamba binamu atoe milioni 3 na wote wameridhika, mama anabaki na maneno. Angeweza kulalamika dhidi ya msimamizi, lakini haki yake kwa binamu ingekuwa imeyeyuka. Andikeni barua sasa kwa wote wawili kwamba mama anajua haki yake na anapinga makubaliano yoyote ya kuifuta. Barua haitawazuia kisheria, ila itamnyima msimamizi kisingizio cha kutojua.

Wanja wa Nyeri

Nathibitisha upande wa Kenya. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, inatupeleka kwa sheria ya kimahakama ya Uingereza, na Mahakama ya Rufani ilisema kwenye kesi ya Lengetia mwaka 1985 kwamba mkataba hauwezi kudaiwa na asiye mhusika hata kama ulifanywa kwa faida yake na hata kama unasema ana haki ya kushtaki. Sisi hatuna hata ile "mtu mwingine yeyote" ya Nyundo. Ila Mzee, si kuna kesi ya mjane wa muuza makaa ya mawe?

Mzee wa Majalada

Iko, na nilikuwa naisogelea. Beswick na Beswick, Bunge la Mabwana la Uingereza, 1967. Mzee Peter Beswick alikuwa akiuza makaa ya mawe. Mwaka 1962 alimwachia biashara mpwa wake kwa masharti mawili: amlipe yeye pauni 6 na nusu kila wiki maisha yake yote, na akifa amlipe mjane wake pauni 5 kila wiki. Mzee akafa 1963. Mpwa akamlipa mjane pauni 5 mara moja, akaacha. Mnaona inavyofanana.

Mjane alifungua madai kwa kofia mbili. Kwa jina lake mwenyewe alishindwa, Mabwana hawakuikubali njia hiyo. Lakini alikuwa pia msimamizi wa mirathi ya mumewe, na kwa kofia hiyo alishinda. Msimamizi ndiye marehemu mbele ya sheria, na marehemu alikuwa mhusika.

Mpwa alijitetea kwa ujanja mkubwa. Alisema: sawa, nimevunja mkataba, lakini mirathi imepoteza nini? Pesa zilikuwa za mjane, si za mirathi, kwa hiyo mnipige fidia ya shilingi chache yaishe. Mabwana wakajibu kwamba kama fidia ni ndogo namna hiyo, basi fidia haitoshi, na pale isipotosha mahakama humwamuru mtu atekeleze kile alichoahidi. Wakamwamuru amlipe mjane mwenyewe, mkononi mwake, si kwenye mfuko wa mirathi.

Hukumu hiyo ni ya baada ya 1920, kwa hiyo haiwafungi majaji wetu, lakini wanaisikiliza. Ombi lenu likienda mahakamani lisiandikwe "fidia". Liandikwe amri ya kutekeleza mkataba, binamu amlipe mama laki 2 kila mwezi pamoja na miezi aliyoruka.

Nyundo

Sasa Mzee umeturudisha kwa kaka mkubwa. Msimamizi ndiye adui. Mjane wa makaa alikuwa msimamizi mwenyewe, mama hayupo kwenye hati ya usimamizi. Na kaka atasema ukweli kabisa: mirathi haipati hata senti, kwa nini nitumie pesa za warithi wote kumpigania mama yako?

Mzee wa Majalada

Hoja hiyo ni nzito na sitaipuuza. Njia ninayoiona ni kwenda kwenye mahakama iliyompa usimamizi na kuomba mama aongezwe kuwa msimamizi mwenza, au kaka aondolewe kwa kuwa ana maslahi na mdaiwa. Biashara ya pamoja kati yake na binamu ni jambo la kulithibitisha kwa karatasi: leseni, miamala, chochote. Mama ajitolee kubeba gharama za kesi ili kaka asiseme warithi wanaumia. Na niulize tena: binamu alikuwa amemlipa baba miezi yote hadi anafariki?

Kijana wa Mgeta

Shikamoo Mzee. Nimepata nakala ya mkataba kwa wakili aliyeuandika. Naweka niliyoyakuta.

Miezi minne ya mwisho ya uhai wake baba hakulipwa. Alikuwa anaumwa na hakufuatilia.

Kifungu cha 6 kinasema: "Mnunuzi atamlipa mke wa Muuzaji shilingi 200,000 kila mwezi, fedha hizo zikitokana na kodi ya fremu mbili za nyuma zilizomo katika eneo la duka." Fremu hizo ziliuzwa pamoja na duka na zina wapangaji hadi leo.

Na ukurasa wa mwisho mama ameweka dole gumba. Chini yake pameandikwa: "Mke wa Muuzaji, nimeridhia mauzo haya na masharti yake."

Mzee wa Majalada

Marahaba. Sasa tuna mengi zaidi ya tulivyodhani.

Miezi minne ya baba, milioni 1 na laki 2, ni deni la mirathi moja kwa moja. Msimamizi hawezi kusema mirathi haina faida kwenye kesi hii. Kuacha kuidai ni kuacha mali ya marehemu ipotee, na hilo ni kosa ambalo mahakama ya mirathi inalielewa haraka. Mkiwa mnadai hiyo, amri ya kumlipa mama inaombwa kwenye hati hiyo hiyo ya madai.

Kodi ya fremu mbili inatusogeza kwa Husaini Begum. Mapato yaliyotajwa kwa ajili ya mtu fulani yanaweza kumfanya binamu aonekane anashika kodi ile kwa niaba ya mama, na hapo mama anadai kama mwenye haki kwenye kodi, si kama mgeni kwenye mkataba. Sisemi ni hakika. Upande wa pili utadai maneno yale yanaeleza tu chanzo cha pesa, na kwamba mzigo juu ya ardhi una taratibu zake za maandishi na usajili.

Nyundo

Na dole gumba? Hapo mimi nasimama imara. Mama aliridhia mauzo "na masharti yake". Bila ridhaa ya mke, mnunuzi mwenye akili asingethubutu kununua. Mama alitoa kitu, aliweka alama yake kwenye karatasi, na sharti mojawapo ni yeye kulipwa. Huyo ni mhusika, si mtu wa tatu.

Mzee wa Majalada

Ningeliweka jambo hilo juu kabisa kwenye hati ya madai. Ila ujue Australia walilijadili mwaka 1967, kesi ya Coulls. Mzee alimpa kampuni haki ya kuchimba mawe kwenye ardhi yake, malipo yakaelekezwa kwake na kwa mkewe, na mke akaweka sahihi. Baada ya mzee kufa majaji waligawanyika. Wawili walisema mke ni mhusika kwa sababu ahadi ilitolewa kwa wote wawili. Watatu walisema yale yalikuwa maelekezo tu ya mume kuhusu nani apokee pesa, na mke akakosa. Tofauti yenu na wao ni ule mstari wa "na masharti yake" pamoja na ridhaa aliyoitoa. Mimi naona mama yuko upande wa majaji wale wawili. Jaji wa Morogoro anaweza kuona vingine.

Wanja wa Nyeri

Naongeza moja kwa wanaoandika mikataba ya hivi: mama angewekwa ukurasa wa kwanza kama muuzaji wa pili, na ahadi ikaandikwa "kwa Muuzaji na mkewe, kila mmoja peke yake na kwa pamoja", uzi huu usingekuwepo.

Binti wa Chuda

Nimewasoma kwa makini. Bado nina neno. Baba amepanga kitu kianze kumnufaisha mkewe baada ya kufa kwake, na mkewe ni mrithi. Warithi wengine wakisimama wakasema huu ni wasia uliovaa nguo za mkataba, na wasia kwa mrithi hausimami bila wao kuridhia, mtawajibu nini? Kaka mkubwa akipata mwanachuoni mzuri, hiyo ndiyo hoja atakayoileta.

Mzee wa Majalada

Ningejibu kwamba wasia hutoa mali ya marehemu, na marehemu anaweza kuubadili hadi pumzi ya mwisho. Hapa duka lilishatoka mikononi mwake 2021 kwa mkataba ambao peke yake hangeweza kuuvunja. Mama analipwa na binamu, halipwi na mirathi.

Binti wa Chuda

Lakini zile milioni 24 zilikuwa sehemu ya bei ya mali yake. Amezigeuza kuwa posho ya mkewe. Mimi nadhani kadhi angetaka kujua kama alifanya hivyo akiwa mzima au akiwa katika ugonjwa wa mauti.

Kijana wa Mgeta

Mwaka 2021 alikuwa mzima kabisa, alikuwa bado anapakia saruji mwenyewe.

Faili la mirathi halijafungwa, kaka anatakiwa kupeleka hesabu mwezi ujao. Barua kwa wote wawili tumeandika na mama ameweka dole. Mzee, kuhusu muda, tuna haraka kiasi gani?

Mzee wa Majalada

Madai ya mkataba ni miaka 6, na kila mwezi usiolipwa una hesabu yake, kwa hiyo hapo hamjachelewa. Mnachokimbizana nacho ni faili la mirathi. Pingamizi la mama liingie kabla hesabu za kaka hazijapokelewa, na liitaje ile milioni 1 na laki 2 kwenye aya ya kwanza. Jambo la fremu nitafute mtu aliyebobea kwenye ardhi alitazame, maana hapo sitaki kusema zaidi ya ninachokijua.